Fedha ya Jumamosi na Hesabu ya Vipande

[Muziki wa kufungua kipindi, sekunde ishirini, kisha unashuka taratibu.]

  Leo tunazungumza juu ya kazi inayolipwa kwa kipande. Unashona shati, unalipwa shati. Unashona kumi, unalipwa kumi. Mtu akikueleza hivyo unaona ni kazi nyepesi kuliko zote kwa hesabu. Mimi pia niliona hivyo, mpaka Jumamosi moja kule Nateete iliponifundisha vingine.

Wengi wenu Nateete mnaijua. Ukipanda basi kutoka Mbarara kwenda Kampala, unapita Masaka, unafika Busega, na baada ya Busega ndiyo Nateete. Wengine wetu hushuka hapo hapo, kwa sababu kuna ndugu wa kupokea mgeni, na pia kuna kazi ya cherehani. Mimi nilishuka hapo nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nimejifunza kushona huku kambini, na nina begi moja. Ukiwa mjini hakuna wa kukupimia unga. Unachopata Jumamosi ndicho kinacholipa chumba, mkaa na chakula cha wiki.

Nilipata nafasi katika karakana moja iliyokuwa ikishona sare za shule. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, na vitambaa vilikuwa vimejaa mpaka mlangoni. Msimamizi alinitajia bei kwa mdomo. Shati dogo ni shilingi 1,000. Shati kubwa ni 1,300. Sketi ni 1,500. Nilikubali, nikakaa kwenye mashine.

Kwa bahati nilikuwa na daftari la shule ambalo kurasa zake hazikuisha. Kila jioni niliandika nilichoshona. Wiki yangu ya tatu iliandikwa hivi. Jumatatu, mashati madogo 14. Jumanne, mashati madogo 12. Jumatano, mashati makubwa 11. Alhamisi, mashati makubwa 12. Ijumaa, sketi 10. Jumamosi, sketi 9.

Tufanye hesabu pamoja. Mashati madogo ni 26, kwa 1,000 kila moja, ni shilingi 26,000. Mashati makubwa ni 23, kwa 1,300, ni 29,900. Sketi ni 19, kwa 1,500, ni 28,500. Jumla ni 84,400.

Jumamosi jioni nikaitwa. Nikapewa shilingi 61,300 pamoja na kikaratasi. Nilihesabu noti mara mbili. Zilipungua 23,100.

[Kituo kifupi.]

Ndugu wasikilizaji, hapo damu ilinipanda. Sikukitazama kile kikaratasi. Nilisema kwa sauti, mbele ya mafundi wote, kwamba nimeibiwa elfu ishirini na tatu. Msimamizi akaniuliza, "Umeibiwa nguo zipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jumla tu. Nikarudia ile jumla kwa sauti kubwa zaidi. Jumatatu nilipofika, kiti changu kilikuwa na mtu mwingine.

Baada ya wiki mbili nikapata kazi kwa mwenye cherehani mwingine, hapo hapo Nateete, karibu na soko. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, fundi wa miaka mingi. Nikamsimulia jinsi nilivyoibiwa. Akaniuliza, "Mwanangu, kikaratasi chako kiko wapi?" Kilikuwa bado mfukoni mwa begi. Jumapili, baada ya ibada, tukakaa kwenye mkeka wake, daftari langu upande huu, kikaratasi upande huu.

Mama yule hakuanza na fedha. Alianza na nguo. Akasema, fedha ni mtoto wa mwisho. Kwanza uliza vipande vingapi. Halafu uliza kila kipande kwa bei gani. Halafu uliza kimekatwa nini. Ukianza na fedha, mambo matatu yanachanganyika na huwezi kuona hata moja.

Basi tukaanza na vipande. Daftari langu lilisema mashati madogo 26, makubwa 23, sketi 19. Ukijumlisha ni nguo 68. Kikaratasi kilisema madogo 35, makubwa 11, sketi 10. Ukijumlisha ni nguo 56. Kwa hiyo nguo 12 hazikuonekana.

Tukazitafuta hizo 12. Sketi, mimi nilikuwa na 19 na wao 10, tofauti 9. Mama akauliza, "Siku ya mwisho ulishona ngapi?" Sketi 9, Jumamosi. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba karakana nyingi hufunga hesabu Ijumaa jioni ili karani apate muda wa kuandika malipo. Nguo za Jumamosi huingia wiki inayofuata. Sketi zangu 9, yaani shilingi 13,500, hazikuwa zimeibiwa. Zilikuwa zinanisubiri Jumamosi nyingine, na mimi nikawa nimeondoka kabla haijafika.

Zikabaki nguo 3. Hapo nikakumbuka kwamba Jumatano mashati madogo matatu yalirudishwa kwangu kwa sababu kola zilikaa upande. Niliyafumua, nikayarekebisha, nikayaweka pembeni ya meza, nikaendelea na bunda lingine. Sikumkabidhi mtu mkononi. Katika daftari langu yalihesabiwa tangu Jumatatu. Katika kitabu cha karani yalifutwa siku yaliporudishwa, na hakuna aliyeyaandika tena. Hiyo ni shilingi 3,000.

Sasa nguo 12 zote zimepatikana. Lakini tazameni jambo moja. Kama mashati madogo niliyoshona ni 26, na matatu yamefutwa, yanabaki 23. Kikaratasi kiliandika 35. Inawezekanaje karani aniandikie mashati madogo mengi kuliko niliyoshona?

[Muziki, sekunde kumi, unashuka.]

Hapo mama yule akacheka. Toa 23 kwenye 35, unapata 12. Na mashati makubwa, mimi nilikuwa na 23, wao 11. Toa, unapata 12 tena. Lile bunda langu la Alhamisi, mashati makubwa 12, lilikuwa limeandikwa kama madogo. Idadi ya nguo haikupungua hata moja, kwa hiyo mtu akihesabu nguo peke yake hataona kitu. Kilichopungua ni bei. Kila shati lilipotea shilingi 300. Mara 12, ni shilingi 3,600.

Mwisho tukafika kwenye makato. Chini ya kikaratasi kulikuwa na neno "uzi" na shilingi 3,000. Nilikumbuka kwamba nilipoanza kazi niliambiwa uzi ni juu ya fundi, nikaitikia bila kusikiliza vizuri.

Jumlisheni nami. Sketi za Jumamosi 13,500. Mashati yaliyorudishwa 3,000. Bunda lililoandikwa vibaya 3,600. Uzi 3,000. Yote ni 23,100. Ndiyo ile fedha niliyoilia, shilingi kwa shilingi.

Sasa fikirini. Kosa la wazi la karani lilikuwa shilingi 3,600. Mashati matatu yalikuwa ya kukumbushana tu. Sketi zilikuwa za wiki ya mbele. Uzi ulikuwa wa mapatano. Mimi nilidai zote kwa neno moja, wizi, na kwa sababu sehemu kubwa ya dai langu haikuwa kweli, hata ile sehemu ya kweli haikusikilizwa. Sketi 9 sikulipwa mpaka leo, kwa sababu sikurudi kuzidai nikiwa na maandishi. Niliona aibu.

[Kituo kifupi.]

Kwa hiyo leo nataka niwape namna ya daftari ambayo mama yule alinifundisha, maana ndiyo niliyoitumia miezi yote iliyobaki.

Kabla ya kushona nguo ya kwanza, uliza mambo manne, uyaandike ukurasa wa mbele pamoja na tarehe. Bei ya kila aina ya nguo ni ipi, na saizi kubwa inaanzia wapi? Hesabu ya wiki inafungwa siku gani na saa ngapi? Uzi na sindano ni vya nani? Na nguo ikirudishwa, inafutwa lini na inaandikwa tena lini? Ukiuliza siku ya kwanza, unaonekana mtu makini. Ukiuliza siku ya malipo, unaonekana mgomvi.

Halafu, usisubiri jioni kuandika. Andika wakati unakabidhi, kabla mikono yako haijaachia nguo. Nguo hutoka kwa mkataji zikiwa zimefungwa katika mabunda, na bunda huwa na kikaratasi chenye namba, saizi na idadi. Andika namba ya bunda, aina, saizi, idadi. Kama bunda linasema 12 na wewe umekuta 11, sema hapo hapo kabla ya kuanza, maana ukishaanza kushona, ile iliyopungua ni yako. Mwombe anayepokea atie alama yake kwenye daftari lako. Akikataa, usigombane. Hesabu kwa sauti mbele ya fundi wa jirani, au piga picha ya kikaratasi cha bunda kwa simu yako.

Kama hujui kusoma, usiseme daftari si lako. Chora umbo dogo la shati au sketi, kisha piga mistari. Mistari minne imesimama, wa tano unaikata. Mama mmoja niliyefanya naye kazi hakuwahi kukaa darasani, na hesabu yake ilikuwa safi kuliko ya karani.

Jambo la tatu ni ukurasa wa viporo. Kiporo mnakijua, chakula kilichobaki jana. Nguo pia ina kiporo. Kila Jumamosi andika nguo ulizokabidhi baada ya hesabu kufungwa, na nguo zilizorudishwa ambazo hazijaandikwa tena. Jumamosi inayofuata, kabla ya kutazama kitu kingine, hakikisha viporo hivyo vimeingia. Kwa nilivyoona mimi, hapa ndipo fedha hupotea zaidi. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba. Nguo inatoka wiki moja, haiingii wiki nyingine, na inakwenda shuleni ikiwa haina mwenyewe. Nguo iliyorudishwa andika pia sababu. Kola kukaa upande ni kosa langu. Lakini kitambaa kikikatwa kifupi, kosa ni la mkataji, na muda wangu wa kufumua ni wa kuzungumziwa.

Ukipata tofauti, peleka jambo moja, lenye ushahidi, kwa sauti ya chini. Wiki kadhaa baadaye karani wa karakana ile ya pili aliniandikia bunda la saizi kubwa kama dogo. Safari hii nilisubiri watu wapungue, nikasema, "Bosi, naomba tutazame bunda namba 7. Kikaratasi chake kinasema saizi kubwa, hapa limeandikwa dogo." Alifungua kitabu, akaona, akaongeza fedha hapo hapo. Hatukufika dakika tano. Fanya hivyo siku ile ile au kesho yake, kwa sababu nguo zikishapelekwa kwa mnunuzi hakuna tena cha kuhesabu.

Na kama hasikii kabisa? Mkimbizi nchini Uganda ana haki ya kufanya kazi. Hilo limo katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoonyesha malipo yake na makato yake. Kwa hiyo ukiomba kikaratasi huombi upendeleo. Malalamiko ya mshahara hupelekwa kwa afisa wa kazi. Kila wilaya ina nafasi ya afisa huyo, na Kampala yuko chini ya mamlaka ya jiji, KCCA. Ukiogopa lugha au ukihitaji mtu wa kukuelekeza, shirika la InterAid huhudumia wakimbizi wa Kampala, na Refugee Law Project hutoa msaada wa kisheria. Lakini wote hao watakuuliza kile alichoniuliza msimamizi: nguo zipi? Nenda na daftari.

Niseme pia mipaka ya daftari. Daftari linakuonyesha kama umelipwa ulichopatana. Haliwezi kukuonyesha kama mapatano yenyewe ni mazuri, isipokuwa ukiongeza safu moja ya saa za kazi. Wiki ile yangu, hata kama ningelipwa kila nguo na kukatwa uzi tu, ningepata 81,400. Nilifanya kazi siku sita, saa kumi kila siku, yaani saa 60. Gawanya, unapata kama shilingi 1,350 kwa saa, kabla ya kula na kabla ya kulipa chumba. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Maana yake hakuna sheria itakayokuinulia bei ya shati. Kinachobaki ni hesabu yako mwenyewe, ujue kama kazi hii inakulipa au ni bora utafute nyingine.

Na ninyi mnaolima vibarua huku nje ya kambi, msione haya hayawahusu. Ngwe ya shamba ni kipande pia. Bei ikiwa ni ya ngwe, hesabu hatua za urefu na upana kabla jembe halijagusa udongo, mwenye shamba akiwa amesimama hapo, na weka kijiti kila pembe. Ngwe inayopimwa baada ya kulimwa huwa ndogo machoni pa mlipaji. Na ukivuna kwa gunia, patana kwanza gunia linajazwa mpaka mdomoni au mpaka kwenye kilemba, maana kilemba kile ni jasho lako pia.

Mama wa Bukavu tuliagana nilipokuwa narudi huku. Daftari lile ninalo mpaka leo. Ukurasa wa wiki ya tatu una sketi 9 zilizozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na mbele yake hakuna kitu.

Kama una daftari, au hata kikaratasi cha malipo usichokielewa, kilete hapa studio Jumatano asubuhi. Tutakaa nacho mkekani, tuanze na vipande. Jina lako halitatajwa hewani. 

[Muziki wa kufunga.]